Msumari Mmoja, Matairi Matatu

Kijana wa bodaboda alifika kibandani akiisukuma pikipiki, jasho linamtiririka, abiria wake ameshamkimbia njiani. Fundi pancha hakumuuliza kitu. Aliisimamisha pikipiki kwenye stendi, akafungua gurudumu la nyuma, akaubandua mdomo wa tairi kwa vyuma viwili na kuichomoa tyubu. Akaijaza upepo, akaizamisha kwenye beseni la maji machafu, akaanza kuizungusha taratibu. Mapovu yakatoka sehemu moja, kisha nyingine, kisha nyingine tena. Kila tundu alilichora duara kwa chaki.

"Kumi na moja," alisema. "Ulitembea nayo, mdogo wangu."

"Kidogo tu, kaka."

"Kidogo kutoka wapi?"

Kijana akanyamaza. Msumari wenyewe ulikuwa mmoja, wa inchi tatu, ule wa kupigilia kenchi za paa. Fundi aliung'oa kwa koleo na kuutupa kwenye kopo lililokuwa limejaa wenzake.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikisubiri zamu yangu. Hapo ni pembeni mwa barabara ya Morogoro, kabla ya kufika Chalinze. Gari langu lilikuwa na msumari unaofanana kabisa na ule, umezama hadi kichwani kwenye tairi la mbele kushoto, na sikujua umeingia lini. Asubuhi geji ilisoma paundi 22 badala ya 32. Niliongeza upepo kwa pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari nikaendelea na safari. Msumari uleule umemsukumisha mwenzangu pikipiki juani, na mimi umenipa muda wa kunywa chai. Tofauti hiyo haikuletwa na bahati. Imetokana na mahali upepo unapokaa ndani ya gurudumu, na njia unayoipata ukitaka kutoka.

Tuanze na la kijana. Kwenye tairi la tyubu, tairi lenyewe halishiki upepo. Kazi yake ni kuwa ganda, yaani kuikinga tyubu, kubeba uzito na kushika barabara. Upepo wote uko ndani ya tyubu, mpira mwembamba wenye umbo la mviringo, na vali yake imechomoza nje kupitia tundu la rimu. Kati ya tyubu na tairi hakuna gundi wala kizibo cha aina yoyote. Mdomo wa tairi umekaa tu kwenye rimu, na kwa pikipiki yenye spoki rimu yenyewe ina matundu kadhaa, moja kwa kila spoki.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba tyubu iliyojaa haikai ndani ya tairi kama mfuko uliolegea. Imevutika. Ukiitoa na kuilaza chini bila upepo utaona ni ndogo kuliko nafasi iliyokuwa ikiijaza. Kwa hiyo msumari unapoitoboa, mpira uliovutika unavuta kingo za tundu kutoka pande zote na kulipanua. Tena mpira huo ni mwembamba mno kuweza kuukumbatia msumari. Upepo unaingia kwenye nafasi iliyo kati ya tyubu na tairi, na ukishafika hapo hauhitaji kurudi kwenye tundu la msumari ili utoke. Unapita kwenye tundu la vali, kwenye matundu ya spoki, na chini ya mdomo wa tairi. Ndiyo maana hata msumari ukiwa bado umeziba tundu lake la nje, gurudumu linalala kwa muda mfupi. Linaweza kulala kwa dakika moja au mbili, na mpira ukichanika badala ya kutoboka, kwa sekunde tu. Kwenye gurudumu la nyuma la pikipiki utahisi mkia unayumba. Likiwa la mbele, usukani unaanza kwenda unakotaka wenyewe.

Matundu kumi na moja ya kijana yalikuja baadaye. Upepo ukishaisha, tyubu inajikunja ndani ya tairi, na kila mzunguko wa gurudumu unaikandamiza kati ya rimu na barabara. Ncha ya msumari bado imechomoza ndani, inakwaruza na kuchoma popote inapopakuta. Kuna baya kuliko hilo. Tairi lisilo na upepo huteleza kidogokidogo juu ya rimu, likiiburuta tyubu, huku vali imefungwa na nati na haiwezi kusogea. Mwisho tyubu inachanika shingoni, pale vali inapoota. Tundu la kawaida linazibwa kwa kiraka na solusheni, lakini tyubu iliyokatika shingo haina tiba. Ni ya kukata mikanda ya kufungia mizigo.

Fundi mzuri anazisoma alama hizo kabla hujafungua mdomo. Tundu likiwa upande wa tyubu unaotazama barabara, mkosaji ni msumari, mwiba au kipande cha waya, na ni lazima apapase ndani ya tairi, tena kwa uangalifu asijikate, mpaka akipate. Asipokipata, utarudi kwake kabla ya jioni. Tundu likiwa upande unaotazama rimu, barabara haina kosa. Ni ncha ya spoki iliyochomoza, au utepe wa kufunika spoki umechakaa, au rimu ina kutu yenye makali. Na ukiona vitundu viwili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka, hakuna msumari wa kutafuta kabisa. Hapo tairi lilikuwa na upepo mdogo, likaingia kwenye shimo, tyubu ikabanwa na kingo mbili za rimu. Mwenye pikipiki wa namna hiyo haponi kwa kubadilisha tyubu. Anapona kwa kununua geji.

Pamoja na kasoro zote hizo, tyubu haijafa, na kuna sababu za maana. Rimu ya spoki za kawaida haiwezi kuzuia upepo, kwa hiyo bodaboda nyingi hazina hiari. Tyubu inastahimili rimu iliyopinda kidogo au kushika kutu, na inazibwa popote penye beseni la maji na kiraka cha bei ndogo. Malori mengi ya zamani nayo yanatembelea tyubu, na ukitaka kujua huhitaji kufungua chochote, soma namba ubavuni. Tairi lililoandikwa 10.00 R20 linakaa kwenye rimu ya inchi 20 na linahitaji tyubu, pamoja na kile kipande cha mpira kinachowekwa kati ya tyubu na rimu ili isichubuliwe. Lililoandikwa 11 R22.5 au 295/80 R22.5 halihitaji. Ile nusu inchi mwishoni ndiyo inayokuambia kwamba rimu ni ya kipande kimoja, na kalio lake limeinama kwa namna ya kuubana mdomo wa tairi usipitishe upepo.

Rimu ya lori ya tyubu, kinyume chake, hufunguka. Ina ringi ya chuma pembeni inayolishikilia tairi lisitoke. Tairi hilo likijazwa paundi mia moja na zaidi huku ringi haijakaa sawasawa kwenye mfereji wake, inaweza kuruka kwa nguvu ya kumuua mtu. Mafundi wanaojali maisha yao hulijazia ndani ya kizimba cha vyuma, au walau hulifunga minyororo, na husimama pembeni na si mbele yake. Niliwahi kumwona mmoja akijaza huku ameikanyagia ringi kwa mguu. Nilihama upande wa barabara.

Sasa turudi kwenye gari langu. Tairi lisilo na tyubu, ambalo mtaani tunaliita tyublesi, lilitangazwa na kampuni ya B.F. Goodrich ya Akron, Ohio, mwaka 1947, na hataza yake ikatolewa mwaka 1952 kwa jina la mhandisi Frank Herzegh. Kufikia mwaka 1955 magari mengi mapya ya Marekani yalikuwa yakitoka kiwandani nayo. Wazo lenyewe ukilisikia ni jepesi: kama tairi na rimu ni vyombo viwili vigumu vinavyokutana, kwa nini visifunge upepo vyenyewe? Ugumu ulikuwa kwenye utekelezaji.

Ukilifungua tairi la tyublesi na kupitisha mkono ndani, utagusa utando laini wa mpira uliogandishwa kwenye ukuta wote wa ndani, kutoka mdomo mmoja hadi mwingine. Mpira huo ni wa jamii ya butili, ambayo hupitisha hewa kidogo sana kuliko mpira wa kawaida. Kimsingi tyubu haikuondolewa, imebandikwa ukutani. Lakini kubandikwa huko kumebadilisha kila kitu. Utando huo haukuvutwa kama puto. Umelala juu ya tabaka za nyuzi na waya zinazobeba mzigo, kwa hiyo tundu halipanuki. Midomo ya tairi, yenye waya mnene ndani yake, inabanwa kwenye rimu na upepo wenyewe. Ule mlio mkubwa wa "pa! pa!" unaousikia fundi anapojaza tairi jipya ni midomo ikiruka kigongo kidogo cha rimu na kukaa mahali pake. Kigongo hicho ndicho kinachozuia mdomo usirudi katikati ya rimu unapokata kona upepo ukiwa umepungua. Vali nayo haina tyubu ya kuotea, imechomekwa kwenye rimu na kuziba tundu kama kizibo cha chupa.

Msumari wa inchi tatu, ambao unene wake haufiki milimita 4, ukiingia kwenye uso wa tairi hili unapenya mpira mnene wa kashata, unapita kati ya waya za chuma, kisha unatoboa utando. Mpira wote huo unaukaba. Msumari unageuka kizibo cha tundu lake mwenyewe. Upepo hauna mlango mwingine: vali imeziba, midomo imebana, rimu haina matundu. Unabaki kuvuja pembezoni mwa msumari, paundi chache kwa siku. Ndiyo maana nami niliamka na paundi 22, sikuamka na gari limelala. Na ndiyo maana pia, ukiona msumari kwenye tairi la namna hii ukiwa safarini, usiuchomoe kwa udadisi. Uache, ongeza upepo, nenda kwa fundi taratibu.

Kuna mipaka. Kipande cha chuma kipana, chupa iliyovunjika, au jiwe kali likipasua ubavu, tyublesi linalala haraka kama jingine lolote. Ubavu ni mwembamba, hauna zile waya za chini ya kashata, na unajikunja kila mzunguko. Na huo upole wa kuvuja polepole ndio mtego wake. Mtu anaona tairi limepungua, anajaza, kesho linapungua tena, anajaza tena, anazoea. Siku anayosahau anaingia barabara kuu na paundi 15, gari limejaa, jua la saa nane. Ubavu unajikunja kupita kiasi, unapata joto, mpira na nyuzi vinaachana. Tairi likipasuka hapo watu husema limepasuka ghafla. Lilikuwa linapasuka wiki nzima.

Fundi wangu alitumia njia ya kamba. Alichomoa msumari, akalikwangua tundu kwa chuma chenye meno, akaipaka kamba yenye utomvu solusheni, akaisukuma ndani kwa sindano nene, akavuta na kukata mkia. Dakika tano, tairi halijatoka hata kwenye gari. Akatema mate juu yake, hakuna povu, akanyoosha mkono apewe hela.

Njia hiyo inanitoa njiani na ninaishukuru, lakini siihesabu kuwa matibabu. Fundi hakuona ndani. Hakujua kama wakati nimetembea na upepo mdogo ubavu ulikuwa umeanza kusagika. Isitoshe, kamba haizibi utando wa ndani kwa uhakika, na unyevu ukipita kando yake unafika kwenye waya za chuma na kuanza kuzitia kutu kimyakimya. Kazi kamili ni kulitoa tairi kwenye rimu, kukagua ndani kwa taa, kisha kuweka kizibo chenye umbo la uyoga: mguu wake unajaza tundu, kofia yake inagandishwa kwenye utando kama kiraka. Kanuni inayofuatwa na viwanda vingi ni kwamba tundu lisizidi milimita 6 na liwe kwenye uso wa tairi, mbali na bega. Ubavu hauzibwi, hata fundi akikuapia.

Nilipomwambia fundi nitalifungua tairi nikifika mjini, alinipa ushauri ambao pengine nawe umeshapewa: "Bosi, tia tyubu humo, sahau mambo ya pancha." Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wengi. Ili tyubu iingie, ile vali ya tyublesi inang'olewa, na tundu lake linabaki wazi kuizunguka vali ya tyubu. Siku msumari ukiingia, upepo unatoka kwenye tyubu, unajaa kati yake na utando, kisha unapata mlango: tundu la vali. Ubavuni bado pamechapwa TL, alama ya tyublesi, lakini tairi limerudishwa kwenye tabia ya lile la bodaboda, la kulala kwa dakika mbili. Kuta za ndani nazo hazikutengenezwa kwa ajili ya tyubu. Zina mistari na vinundu vinavyoichubua, na msuguano wake unaongeza joto. Kama rimu imepasuka au kushika kutu mpaka haizuii upepo, dawa ni rimu. Tyubu ndani ya tyublesi inaficha ugonjwa na kukunyang'anya kinga uliyokuwa umeilipia.

Aina ya tatu niliifahamu kwa hasara ya binamu yangu. Alinunua gari la Kijerumani lililotumika Japani. Alipolifungua buti akakuta hakuna spea tairi, wala jeki, wala mahali pa kuviweka. Alidhani ameibiwa bandarini. Hakuwa ameibiwa. Gari liliundwa kwa ajili ya matairi ya ranflati, yanayotembea yakiwa hayana upepo.

Wazo hili nalo si la jana. Porsche 959 ya mwaka 1986 ilikuwa na matairi ya namna hiyo, na mwaka 1994 wanunuzi wa Chevrolet Corvette waliweza kuyachagua kwa nyongeza ya bei. Kuna yanayotumia pete ngumu iliyofungwa kwenye rimu, ndani ya tairi, ili upepo ukiisha gari liikalie pete hiyo. Hayo utayakuta kwenye magari ya kijeshi na yale yasiyopenya risasi. Lakini kwenye magari ya kawaida aina iliyotawala ni ile ambayo ubavu wenyewe ndio unaobeba.

Ulikate vipande viwili tairi la kawaida na ranflati uyaweke sambamba, tofauti inaonekana kwa macho. Uso ni uleule, utando wa ndani upo, mdomo unafanana. Lakini ndani ya ubavu wa ranflati kumepachikwa pande la mpira mgumu lenye umbo la mwezi mwandamo, nene katikati na jembamba kwenye ncha, la mchanganyiko unaovumilia joto. Kwenye tairi la kawaida ubavu ni kama turubai la hema. Upepo ndio unaolisimamisha, ukiisha linaanguka na kukatwa na rimu. Kwenye ranflati ubavu ni nguzo fupi. Upepo ukiisha nguzo inapinda kidogo, lakini inasimama. Nje tairi linaonekana limechoka kidogo tu, na ndani ya gari huenda dereva asihisi lolote. Kwa sababu hiyo halifungwi kwenye gari lisilo na kihisi cha upepo. Bila ile taa ya njano kwenye dashibodi, mtu angeweza kuendesha tairi tupu mpaka liungue.

Na kuungua ndiko kunakolimaliza. Nguzo inayopinda na kunyooka mamia ya mara kila kilomita inazalisha joto, na hakuna upepo wa kulisaidia kubeba. Kiwango kinachotajwa na watengenezaji wengi ni kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Hicho ni kipimo, si ahadi. Gari likijaa watu na mizigo, lami ikiwa ya moto, umbali unapungua.

Binamu alikuwa anakwenda Morogoro. Taa iliwaka amepita Chalinze kidogo. Taa hizi kwa kawaida huwaka upepo ukishuka kama robo, kwa hiyo wakati ule tairi pengine lilikuwa na paundi 25 hivi. Alikuwa amesoma habari za kilomita 80, akapiga hesabu: kutoka Chalinze hadi Morogoro ni kama kilomita 85, nami nimeshapita Chalinze, nitafika. Akapunguza mwendo, akawasha redio, na kweli akafika. Aliegesha nyumbani kwa shemeji yake akiwa anajisifu.

Kesho yake gereji walilitoa tairi kwenye rimu na kulipindua. Ukamwagika unga mweusi, kama uliosagwa kwenye kinu. Ulikuwa ni ubavu wa ndani. Pale unga ulipotoka kulikuwa na mkanda unaong'aa umelizunguka tairi zima. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, katikati ya uso, la kuzibwa kwa nusu saa. Lakini ubavu ulioungua hauzibiki, na hakuna wa kukuambia umebakiza nguvu kiasi gani. Likatupwa.

Kosa lake si kwamba aliendesha. Alisahau kwamba ranflati, kabla ya kuwa ranflati, ni tyublesi. Nalo linaukaba msumari na kuvuja polepole. Taa ilipowaka bado lilikuwa na upepo, na zile kilomita 80 za ubavu mtupu zilikuwa hazijaanza kuhesabiwa. Angegeuza kurudi Chalinze, akajaza upepo mpaka 32, angeweza kufika Morogoro juu ya upepo, akiangalia geji njiani, na tairi likawa na nafasi ya kutengenezwa. Yeye aliutumia ubavu kama tangi la akiba wakati tangi kuu bado halijaisha. Watengenezaji wenyewe hawakubaliani kuhusu kuziba ranflati. Baadhi wanakataa kabisa, wengine wanaruhusu endapo halijatembea tupu. Wote wanakubaliana kwamba likitoa ule unga, limekwisha.

Gharama nyingine za ranflati ni za kila siku. Ubavu mgumu haulainishi mashimo, kwa hiyo gari linagonga, na kwenye barabara ya changarawe unaisikia kila kokoto kiunoni. Kulivua kwenye rimu kunahitaji mashine yenye mkono wa kusaidia, si vyuma viwili na nguvu za fundi. Na shimo kali likipasua ubavu, ile nguzo imevunjika, hakuna cha kilomita 80. Kwa mtu anayezunguka mjini na hataki kubadilisha tairi usiku kwenye mteremko wa giza, ni kinga nzuri kweli. Kwa anayekwenda Mpanda au Songea, mimi ningechukua tyublesi nne za kawaida na spea ya tano yenye upepo.

Binamu naye aliamua hivyo, akanunua tyublesi za kawaida. Zinaingia kwenye rimu zilezile bila shida. Lakini buti lilibaki tupu kama lilivyotoka Japani, na magari ya namna hiyo yapo mengi barabarani: yaliundwa kutembea bila spea kwa kutegemea ubavu mgumu, kisha mwenye gari wa kwanza, wa pili au wa tatu akaweka matairi laini kwa kufuata bei. Mwenye gari wa sasa hana nguzo ubavuni wala spea nyuma, na hajui.

Kwa hiyo kabla ya safari yako ijayo inama usome ubavu wa matairi yako yote manne. Herufi RFT, RSC, ROF, SSR au ZP zinamaanisha ranflati. Usipoziona hata moja, fungua buti. Kama humo hamna spea tairi, jeki na spana, vitafute leo ukiwa bado mjini.